Imeili inatoka imenyooka, ikijibiwa mara kadhaa inakuwa vurugu: fonti zimechanganyika, maandishi yamebanwa kulia, logo ya saini inahama. Nani anaharibu?

Karani77:
Wakuu salama. Kazini naandika imeili ndefu kidogo, ndani kuna jedwali dogo na chini saini yenye logo kushoto na jina na namba za simu kulia kwake. Ikitoka kwangu imenyooka kabisa. Balaa linaanza watu wakishajibu na kufowadi. Ikinirudia baada ya mikono minne hivi, aya zangu zimeachana utadhani mtu kapiga enta mara mbili kila mahali, huku ni Calibri kule ni Times New Roman, maneno yangu ya mwanzo yamesukumwa ndani mpaka kwenye simu unasoma neno moja kwa mstari, na logo imekaa juu ya namba ya simu. Sasa nimetakiwa nimfowadie mkurugenzi mlolongo wote na naona aibu. Nani anaharibu, mimi au wao? Na inatengenezeka bila kuandika upya?

kidole_kimoja:
Hiyo ni fonti tu mkuu. Calibri haipo kwenye simu nyingi wala kwenye kompyuta zisizo na Ofisi, kwa hiyo ikifika kule inabadilishwa na chochote kilichopo. Tumia Arial karibu kila kompyuta inayo, shida imeisha.

Mwanaidi_K:
Mimi pia picha yangu ya saini haionekani kabisa kwa wateja, wanaona kiboksi kitupu chenye msalaba. Nilibadilisha kutoka png kwenda jpg bado. Nifanyeje?

Bi_Taratibu:
@Mwanaidi_K lako ni jingine dada, hilo ni picha inayovutwa kutoka mtandaoni na programu ya mpokeaji imezuia kuipakua mpaka abonyeze aruhusu. Kubadili aina ya faili hakusaidii. Tusilichanganye na la mwenye uzi, yake inaonekana ila inahama.

@kidole_kimoja umesema kweli nusu. Fonti isiyokuwepo inabadilishwa machoni kwa yule anayesoma tu, kwenye msimbo jina la Calibri linabaki palepale. Ya Karani77 inamrudia kwenye kompyuta yake mwenyewe ambayo Calibri anayo, kwa nini aone Times? Maana yake kuna mtu njiani kafuta maelezo ya fonti, si kwamba fonti haipo.

Karani77 hebu tuambie imeili ilipitia kwa nani na nani, na kila mmoja anatumia nini. Bila hapo tutapiga ramli.

Karani77:
Mimi Outlook ya kompyuta, ile ya zamani siyo mpya. Mwenzangu kajibu kwa Gmail ya kwenye brauza. Bosi kajibu kwa simu ya iPhone. Mteja sijui anatumia nini ila jibu lake halina rangi wala herufi nene wala picha, lina vialama vya > mbele ya mistari. Halafu likarudi kwangu.

jembe_halimtupi:
Mikono minne programu nne, hapo hata ingekuwa barua ya posa ingefika imegeuka hati ya talaka 😂

Bi_Taratibu:
Basi kumbe majibu yako kwenye hiyo orodha, kila mmoja kaacha jeraha lake.

Anza na Outlook yako. Outlook ya zamani ya Windows tangu toleo la 2007 inatumia injini ya Word kuandika na kuonyesha imeili. Word haiandiki fonti kwenye kila aya, inaandika sheria moja juu kabisa kichwani, halafu kila aya inapewa kibandiko cha kusema fuata sheria ile. Kwa kifupi inakaa hivi:

```html
<style>
p.MsoNormal {margin:0in; font-size:11.0pt;
  font-family:"Calibri",sans-serif;}
</style>
<p class="MsoNormal">Habari, angalia jedwali hapa chini.</p>
```

Mwenzako akaipokea Gmail, akaisoma vizuri tu. Alipobonyeza kujibu, Gmail ikachukua maneno yako ikayatia ndani ya nukuu, ila ile sheria ya juu ikaachwa. Kilichobaki ni kibandiko peke yake kinachosema fuata sheria ambayo haipo tena. Sasa aya isiyo na sheria inapewa nafasi ya kawaida ya aya juu na chini, karibu mstari mmoja mzima, ndiyo hizo enta mbili unazoziona. Na fonti nayo ikarudi kwenye ya msingi ya programu husika, kwako ikawa Times New Roman. Kwa hiyo nafasi za aya na fonti ni ugonjwa mmoja.

Unataka uhakika, fungua hilo jibu kwenye Gmail, bonyeza vidoti vitatu chagua Show original, tafuta neno MsoNormal. Ukiona vibandiko vimejaa na hakuna mstari wa style unaovielezea basi ndiyo hiyo. Wakati mwingine msimbo umefungwa kwa herufi zisizosomeka, hapo itabidi uusimbue kwanza.

kidole_kimoja:
Sawa dada nimekuelewa, lakini Arial bado ingesaidia kwa sababu angalau ingeonekana sawa kwa wote.

Bi_Taratibu:
Ingesaidia kama Arial yenyewe imeandikwa ndani ya kila aya. Ikikaa kwenye sheria ya juu inafutwa pamoja na Calibri, itakuwa umebadilisha jina la marehemu tu.

fundi_seva:
Msisahau seva ya ofisi. Kuna maofisi yanaweka onyo la rangi juu ya imeili za nje na maelezo ya kisheria chini, hiyo inachomekwa na seva baada ya mtu kutuma. Mashine inayochomeka inafungua msimbo wote na kuuandika upya. Nimeona jedwali linavunjika hapo kabla mtu yeyote hajajibu. Namna ya kujua: jitumie wewe mwenyewe kwenye anwani ya nje bila kupitia mtu, ikifika imeharibika basi usiwalaumu wenzako.

Karani77:
@fundi_seva nimejaribu sasa hivi kwenye anwani yangu binafsi, imefika salama. Kwa hiyo seva siyo.

fundi_seva:
Seva ya kutokea siyo. Ya mteja hujaijua bado.

Zuhura wa Ukaguzi:
Na hilo la kusukumwa kulia? Kwangu ndilo linaniudhi kuliko fonti. Ukifika jibu la tano maandishi ya mwanzo unayasoma kwa kwenda chini.

Bi_Taratibu:
Hilo ni nukuu ndani ya nukuu. Kila anayejibu kwa Gmail au simu anafunga yote yaliyotangulia ndani ya blockquote moja. Gmail inaipa kipimo kidogo sana, mstari mwembamba wa kijivu na upenyo kidogo, haiumizi. Lakini kipimo hicho kikipotea njiani, brauza inarudi kwenye kipimo chake cha kawaida cha blockquote ambacho ni pikseli 40 kushoto NA pikseli 40 kulia. Piga hesabu mwenyewe, nukuu tatu ni pikseli 240 zimeliwa, na skrini ya simu nyingi ina upana wa kama pikseli 360 kwa kipimo hicho. Unabaki na 120 za kuandikia. Nukuu ya tano huna hata nafasi.

Zuhura wa Ukaguzi:
Ahaa ndo maana kwenye kompyuta naona afadhali na kwenye simu ni msiba.

Mpita Njia:
Kwenye iPhone kuna swichi kwenye setingi za Mail inaitwa Increase Quote Level, ukiizima simu haisogezi ndani unapojibu. Mwambie bosi wako aizime, kama una ujasiri huo.

jembe_halimtupi:
"Samahani bosi naomba simu yako nikurekebishie nukuu." Tutakuchangia nauli ya kurudi nyumbani.

Karani77:
Hahaa hapana nitavumilia. Kwangu Outlook nako kuna swichi?

Mpita Njia:
Ipo. File, Options, Mail, shuka mpaka Replies and forwards. Pale kuna When replying to a message, na When forwarding a message. Chagua Include original message text. Ukikuta ipo kwenye Include and indent original message text hiyo ndiyo inasogeza ndani, na ile ya Prefix each line ndiyo inaweka > mbele. Mimi niliikuta imewekwa indent na sikumbuki kuiweka, labda aliyetumia mashine kabla yangu.

Ngwena_Mtulivu:
Mnazungumzia vidogo, kikubwa ni watu wanaokopi kutoka Word na kurasa za mtandao wanapesti moja kwa moja kwenye imeili. Pale inaingia na fonti, rangi ya nyuma, nafasi za mistari, kila kitu cha ilikotoka. Wenzangu kazini wote wako hivyo, imeili moja ina fonti nne na HAIJAJIBIWA na mtu. Pesti kwa Ctrl+Shift+V kwenye Gmail inaingia maneno matupu. Nasisitiza asilimia kubwa ya shida ya mwenye uzi ni hapo.

Bi_Taratibu:
@Ngwena_Mtulivu kupesti kunaleta vurugu kweli, ila hiyo ingeonekana tangu anapotuma. Yeye anasema inatoka imenyooka.

Ngwena_Mtulivu:
Inaonekana imenyooka kwake. Ukipesti kitu cha Calibri kwenye imeili ya Calibri huoni tofauti, lakini ndani kimoja kimebeba fonti yake mwenyewe na kingine kinategemea sheria ya juu uliyosema. Sheria ikifutwa kilichopestiwa kinabaki Calibri na kilichoandikwa kwa mkono kinageuka Times. Hebu aulizwe vipande vilivyobaki Calibri alivipata wapi.

Karani77:
Duh. Vilivyobaki Calibri ni lile jedwali, nililitoa kwenye Eksel. Aya nilizoandika mwenyewe ndizo zimegeuka.

Bi_Taratibu:
Basi Ngwena kapiga penyewe. Hilo linaeleza kwa nini zimechanganyika badala ya kugeuka zote.

Ngwena_Mtulivu:
Asante. Nilikuwa nasubiri hiyo sentensi tangu nijiunge hapa.

Mzee Kalamu:
Vijana kujibu kwa rangi nyekundu katikati ya maneno ya mtu nako kukomeshwe. "Majibu yangu yapo hapo chini kwa nyekundu." Akitokea mmoja anayejibu kwa maandishi matupu kama huyo mteja, nyekundu yote inapotea, hujui tena swali ni la nani na jibu ni la nani. Nimewahi kuona makubaliano ya bei yakisomwa kinyume kwa sababu hiyo. Andika kifupi cha jina lako mbele ya jibu, JK: hivi, hata rangi ikifa jina linabaki.

Zuhura wa Ukaguzi:
Na ukitumia skrini nyeusi usiku hiyo nyekundu inageuka rangi ya waridi 😅 nakubaliana na mzee.

Karani77:
Na huyo mteja wa maandishi matupu ndiye kaua picha?

Bi_Taratibu:
Kwenye nakala yake ndiyo, maandishi matupu hayabebi picha, jedwali wala fonti, na hapo hakuna kitufe cha kurudisha. Tena Outlook ina tabia ya kujibu kwa aina ileile iliyopokea, kwa hiyo ukimjibu yeye saini yako nayo inatoka bila logo. Kabla hujaandika nenda Format Text ubonyeze HTML halafu ingiza saini upya.

Lakini logo kupanda juu ya namba ya simu si kazi yake. Uliiwekaje hiyo logo?

Karani77:
Niliiingiza kwenye saini, nikaweka maneno yazunguke picha ili namba zikae pembeni, nikaivuta mpaka ikakaa sawa.

Kinyozi wa HTML:
NIMEFIKA. Hapo "nikaivuta" ndipo ulipojichimbia. Ukiruhusu maneno yazunguke picha, Word haiiweki kwenye mstari tena, inaielea juu ya ukurasa kwa vipimo vya kutoka ukingoni. Outlook kwa Outlook inaelewana, programu nyingine haielewi lugha hiyo, inaitupa picha pale inapoona panafaa. Na kila juu yake pakiongezeka maneno ya jibu jipya vipimo vinakuwa vya mahali pengine.

Rudisha picha iwe In Line with Text, na kuweka vitu ubavu kwa ubavu tumia jedwali lisilo na mipaka lenye seli mbili. Ni la kizamani ila linavumilia kufowadiwa kuliko njia zote:

```html
<table cellpadding="0" cellspacing="0" border="0"><tr>
<td width="96" valign="top">
<img src="logo.png" width="80" height="80" alt="Logo"></td>
<td valign="top" style="font-family:Arial,sans-serif;
font-size:10pt">Jina<br>Cheo<br>Simu</td>
</tr></table>
```

Angalia mambo mawili. Fonti imeandikwa ndani ya seli yenyewe, siyo juu, kwa hiyo Gmail haina cha kufuta. Na upana na urefu wa picha vimeandikwa kama namba kwenye img yenyewe, maana injini ya Word haijali ukiviweka kwenye style peke yake.

Huna haja ya kuandika msimbo, unaweza kuchora jedwali hilohilo kwenye Word ukalipesti kwenye dirisha la saini, ila fonti hakikisha umeichagua kwa mkono kwenye kila mstari. Ukitaka kugusa msimbo, saini zako zipo hapa:

```
%APPDATA%\Microsoft\Signatures
```

Hariri faili la .htm, na ufunge Outlook kwanza.

Mwanaidi_K:
Yangu jamani logo inakua! Kila nikijibiwa ni kubwa kuliko jana, sasa hivi inajaza nusu ya skrini. (Lile la kuzuiwa nimeelewa asante.)

Kinyozi wa HTML:
Skrini yako iko kwenye ukuzaji wa asilimia ngapi? Kwenye setingi za onyesho la Windows.

Mwanaidi_K:
125%

Kinyozi wa HTML:
Nilijua. Tafuta kwenye msimbo wa jibu la kwanza lililokurudia sehemu ya img. Outlook huwa inageuza pikseli kuwa inchi, inchi moja ni pikseli 96. Logo ya 80 inatakiwa isomeke .8333in. Unaona nini?

Mwanaidi_K:
Naona width=100 halafu 1.0416in

Kinyozi wa HTML:
80 mara 1.25 ni 100, na 100 gawanya kwa 96 ni hiyo hiyo 1.0416. Mashine imekuza picha kwa ajili ya macho yako halafu ikauandika ukubwa huo kwenye imeili kana kwamba ndio wa asili. Mzunguko unaofuata itakuwa 125, kisha 156. Rudisha ukuzaji 100% ujaribu.

fundi_seva:
Hapo sikubaliani asilimia zote. Nina mtu skrini yake ni 100% na logo ilikuwa inatoka kubwa vilevile, ikaja kuonekana faili lenyewe la png limehifadhiwa na kipimo cha nukta kwa inchi kisicho 96, na Word inakisoma hicho pale ambapo upana haujaandikwa. Tuliihifadhi upya kwa 96 ikatulia.

Kinyozi wa HTML:
Hiyo inaeleza logo kutoka na ukubwa wa ajabu mara ya kwanza. Haielezi kukua kila mzunguko.

fundi_seva:
Sijasema ilikuwa inakua. Lakini Mwanaidi naye angalia lake kabla hujamwambia apunguze ukuzaji wa skrini, watu wengine macho hayaruhusu.

Mwanaidi_K:
Macho hayaruhusu kweli 😂 nitaanza na faili.

Karani77:
Wakuu saini nimeelewa, nitaitengeneza. Turudi kwa mkurugenzi. Huu mlolongo uliokwisha kuharibika naufanyaje? Kesho asubuhi unatakiwa.

kidole_kimoja:
Chagua yote, badilisha fonti, tuma.

Bi_Taratibu:
Fonti itakaa sawa, nafasi na misukumo itabaki. Ukitaka kuusafisha kwa mkono kwenye Gmail, kwanza bonyeza vile vidoti vitatu vinavyoficha nukuu, la sivyo Ctrl+A inachukua jibu lako tu. Kisha Ctrl+\ inaondoa fonti na rangi, halafu weka kishale ndani ya kila nukuu ubonyeze Ctrl+[ mpaka irudi kushoto. Kwenye Outlook chagua maneno ubonyeze Ctrl+Space inafuta fonti na rangi za herufi, nafasi za aya unazirekebisha kwenye Paragraph, Before na After weka 0. Chunga usizoe na jedwali humo, na mahali pa majibu ya rangi andika majina kwanza kama alivyosema Mzee Kalamu kabla hujafuta rangi.

Ila mimi nisingesafisha. Ukianza kugusa maneno ya watu kwenye nukuu, kesho mtu atasema hakuandika hivyo. Ningeandika imeili mpya, muhtasari wa mistari michache, nipesti jedwali upya kutoka Eksel, na mlolongo wa asili niuambatanishe kama ulivyo. Outlook ni Ctrl+Alt+F, Gmail kuna Forward as attachment kwenye vidoti vitatu. Chukua ile uliyotuma mwanzo kabisa kutoka Sent uiambatanishe pia, hiyo haijaguswa na mtu.

Mpita Njia:
Angalizo, viambatanisho vya namna hiyo baadhi ya simu havifunguki, na kuna seva zinavizuia. Kama mkurugenzi anasoma kwa simu tengeneza PDF.

Bi_Taratibu:
Kweli, PDF ya ile ya Sent. Siyo ya hii iliyoharibika.

Zuhura wa Ukaguzi:
Kingine, milolongo mirefu ya Outlook ikisomwa Gmail inakatwa. Msimbo ukizidi kama KB 102 unaona [Message clipped] na chini yake hakuna kitu mpaka ubonyeze View entire message. Mimi niliambiwa sijaweka saini kumbe ilikuwa imekatwa.

Karani77:
Nimeandika mpya, jedwali nimepesti, ya Sent nimeigeuza PDF. Asanteni sana. Ila nimetuma kwa bosi aipitie kwanza, kajibu kwa simu "sawa tuma" na jedwali kwenye jibu lake limeshapoteza mipaka.

Bi_Taratibu:
Usifowadi jibu lake. Nenda Sent, fungua uliyomtumia, hiyo ndiyo ya kupeleka.

fundi_seva:
Mipaka kupotea kwenye iPhone mbona sijawahi kuiona. Mteja wa Karani77 vipi, aliwahi kusema anatumia seva gani?